Mbabe akiwa swahiba wa bosi: kisa cha stoo ya kampuni ya kupandisha wageni, Moshi

Kwenye mkataba wa mtunza stoo huyu palikuwa na mstari mmoja tu kuhusu malalamiko: mfanyakazi mwenye tatizo amwone Mkurugenzi. Hakuna ngazi ya pili, hakuna kamati, hakuna jina jingine. Mkurugenzi ndiye mwenye kampuni. Na aliyekuwa akimwonea dada huyu ni meneja wa operesheni, mtu aliyeanza kubeba mizigo mlimani pamoja na huyo Mkurugenzi tangu wakiwa vijana. Mmoja ni baba wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Mwisho wa mwaka ndafu inachomwa kwa huyu, Pasaka wanahamia kwa yule.

Kampuni iko Moshi mjini, ni ndogo, kazi yake ni kupandisha wageni Kilimanjaro. Wafanyakazi wa kudumu hawafiki kumi na watano. Waongozaji, wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaitwa tripu kwa tripu, na anayewaita ni meneja huyohuyo. Nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasitambulike, lakini mfuatano wa matukio nimeuacha, kwa sababu katika kisa cha namna hii mfuatano ndio wenye somo. Mimi nilikuwa afisa utumishi kwenye hoteli za Arusha kabla ya kuanza kusaidia watu kuandika barua na fomu za migogoro ya kazi, na kisa hiki nilikishika katikati.

Hali ilikuwa hivi. Vifaa vya safari vinatoka stoo jioni ya kuamkia siku ya kupanda: mahema, mabegi ya kulalia, meza, viti, mitungi ya gesi. Dada anafunga kwa kufuata orodha. Saa tatu usiku meneja anapiga simu, anasema ongeza hema mbili, toa hiki, weka kile. Haandiki popote. Asubuhi gari likiwa linapakiwa, kikipungua kitu au kikizidi, anamfokea mbele ya wagumu ishirini. "Stoo inataka mtu mwenye akili, siyo cheti." Mara nyingine anaingia mwenyewe stoo, anachukua mabegi ya kulalia kuwaazima marafiki zake wenye kampuni nyingine, kitabu hasaini. Mabegi yasiporudi, aliyepoteza ni mtunza stoo. Juu ya hayo, dada alikuwa na mtoto wa miezi kumi na alikuwa akitoka mchana kwenda kunyonyesha. Kuhusu hilo meneja alimtumia ujumbe wa sauti kwa wasapu: "Stoo siyo wodi ya wazazi. Wanaonyonyesha wakae nyumbani."

Mwezi Mei, msimu wa mvua, ofisi ikiwa imetulia na wageni wachache, alimfuata Mkurugenzi na kumweleza kwa mdomo. Alimsikiliza vizuri, hata chai akamwagizia. Kisha akasema: "Mwanangu, yule ni mkali lakini moyo wake mzuri. Mvumilie, mimi nitaongea naye." Na kweli aliongea naye. Jioni ileile, mahali wanapokula kitimoto, habari ilifika ikiwa kichekesho. Kesho yake meneja alimpokea mlangoni na "Nasikia umenishitaki kwa Mzee", na kabla ya saa sita mchana dada alikuwa ameondolewa kwenye kundi la wasapu la safari. Tangu hapo akawa anajua kuna tripu pale gari linaposimama mlangoni, halafu analaumiwa kwa kuchelewa kufunga.

Watu wengi wakifika hapa husema bosi ni mbaya, wako kitu kimoja. Katika kisa hiki sikuona hivyo, na ukimwona bosi kama adui unakosea hatua inayofuata. Mkurugenzi hakukusudia kumchoma dada. Alipewa maneno matupu kuhusu tabia ya mtu anayemfahamu kwa miaka zaidi ya ishirini, na maneno matupu kuhusu rafiki unayapeleka kwa rafiki. Ndivyo watu walivyo. Pili, ombi lenyewe halikuwa wazi. Dada alisema "ananinyanyasa", hakusema anataka kifanyike nini. Mwenye kampuni akiachwa ajijazie, anajijazia jambo kubwa kuliko yote: anatakiwa achague kati ya mtunza stoo na mtu aliyejenga naye kampuni, anayejua kila mwongozaji na kila wakala. Kwa swali hilo jibu lake linajulikana kabla hujafungua mlango.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha swali. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba malalamiko kwa rafiki wa mbabe, hata kama unajua yatatupwa, hayapotei bure yakiwa kwa maandishi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinasema mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasiyovumilika anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini akisema alitendewa isivyo haki, anaulizwa kama alitumia njia zilizopo za kupeleka malalamiko, na kama hakuzitumia, alikuwa na sababu gani ya maana. Kile kikao cha chai cha mwezi Mei hakikuacha alama yoyote. Mbele ya mwamuzi, Mzee angeweza kusema hakuwahi kuambiwa kitu, na angekuwa na meneja wa kumuunga mkono.

Alinifikia wiki ya kwanza ya Julai, na kilichomleta hakikuwa kufokewa. Ni mshahara. Kwenye mshahara wa Juni wa shilingi 450,000 alikatwa 150,000 za mabegi mawili ya kulalia. Hakupewa barua, aliona tu pesa imepungua benki. Alikuja na barua ya kuacha kazi, ameshaichapa, sababu iliyoandikwa ni "majukumu ya kifamilia". Aliandika hivyo kwa adabu, asiharibu jina. Nilimwomba aichane, kwa sababu barua ile ingemaliza kila kitu: huwezi kusema ulilazimishwa kuondoka wakati mkono wako mwenyewe umeandika kwamba umeondoka kwa ajili ya familia. Nimeona watu wenye haki ya wazi kabisa wakikwama kwenye sentensi hiyo moja ya kistaarabu.

Kisha tukakaa kutenganisha mambo. Alikuwa ameyabeba yote kama furushi moja, na humo ndani kulikuwa na vitu vitatu vyenye uzito tofauti kisheria.

Kufokewa na kudharauliwa, kwa yenyewe, ndicho kitu kigumu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza unyanyasaji wa mfanyakazi, lakini inauhesabu kama aina ya ubaguzi, maana yake lazima uhusiane na msingi fulani kati ya ile iliyotajwa: jinsia, ujauzito, majukumu ya familia, kabila, dini, ulemavu, umri na mingine. Meneja anayemfokea kila mtu bila kuchagua anaweza kuwa mbabe wa kupindukia na bado asiguswe na kifungu hicho. "Huna akili" peke yake haifiki. Ila ule ujumbe wa sauti wa wodi ya wazazi ni kitu kingine kabisa. Unahusu jinsia na majukumu ya familia, tena unagusa haki iliyoandikwa: mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Na kwenye madai ya ubaguzi, mfanyakazi akionyesha msingi wa dai lake, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo unahamia kwa mwajiri. Dada alikuwa ameuona ujumbe ule kuwa tusi dogo kati ya mengi. Ulikuwa ndio nguzo.

Makato nayo yalikuwa rahisi, kwa sababu ni hesabu. Mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 450,000 ni 112,500. Walikata 150,000, bila karatasi, bila kumuuliza. Kila sharti lilikuwa limevunjwa.

Cha tatu ni utaratibu wa stoo: orodha zinazobadilishwa usiku, vifaa vinavyotoka bila saini. Hiki si dai la kisheria hata kidogo. Lakini ndicho pekee kinachomuuma Mkurugenzi mfukoni, na kwa hiyo ndicho tulichokiweka mbele.

Ushahidi

Wenzake ofisini walikuwa wamemwahidi kwamba "tutaenda wote". Mpango huo ukiusikia mahali ambapo mbabe ana urafiki na bosi, usiuegemee. Mwongozaji mmoja wa siku nyingi alimwambia dada ukweli bila kuficha: "Nakuelewa kabisa, lakini yeye ndiye anayepanga tripu. Nikisimama na wewe, msimu huu mimi nakaa nyumbani." Huwezi kumlaumu, ana watoto. Ila shauri lolote lililojengwa juu ya mtu wa aina hiyo litaanguka siku ya siku, na likianguka linaonekana la uongo.

Tukatafuta vitu visivyohitaji ujasiri wa mtu. Kitabu cha stoo kilionyesha mabegi ya kulalia yalivyotoka na yalivyorudi kwa kila safari, na kwamba yale mawili hayakutoka kwa safari yoyote. Simu yake ilionyesha saa za simu za usiku. Na kulikuwa na geti la hifadhi ya mlima. Mzigo wa mgumu unapimwa getini kabla ya kupanda na hautakiwi kuzidi kilo 20. Ukizidi, ama unapunguza au unaongeza mtu palepale. Safari ya Juni ya njia ya Machame ilikuwa imeongezewa mahema mawili na meza saa tatu usiku, mizigo mitatu ikazidi, na kampuni ikalazimika kuchukua mgumu mmoja wa ziada getini. Malipo yake yamo kwenye hesabu za safari, kwa mwandiko wa mwongozaji, aliyeyaandika bila kujua kwamba anamsaidia mtu.

Daftari la matukio alianza kuliandika nyumbani, si ofisini na si kwenye kompyuta ya kampuni. Tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, kazi iliharibikaje. Ujumbe wa sauti aliuacha kwenye simu ulipo, asiufute, akajitumia nakala kwenye barua pepe yake. Nilimkataza jambo moja: kuusambaza ule ujumbe kwenye makundi. Moshi ni mji mdogo, ungezunguka hadi Himo kabla ya jioni, na mada ingegeuka kutoka alichofanya meneja hadi alichofanya dada.

Barua

Iliandikwa katikati ya Julai, ukurasa mmoja na nusu. Haikwenda kwa Mkurugenzi kwa jina lake, ilikwenda "Kwa Wakurugenzi", kwa sababu kwenye karatasi za kampuni walikuwa wawili. Wa pili ni mke wa Mzee, ambaye haonekani ofisini sana lakini anasaini hundi pamoja naye. Nilijiuliza kama na yeye si rafiki wa mke wa meneja, maana koo hizi zinajuana. Alikuwa rafiki, ndiyo. Lakini pia ndiye aliyenunua mabegi yale ya kulalia kwa pesa yake mwaka kampuni ilipoanza, na mtu aliyenunua kitu husoma barua inayosema kitu hicho kinatoka bila saini. Baadaye ilionekana kwamba kufokewa kwa dada hakukumshtua sana mama huyu. Mabegi yalimshtua.

Kichwa cha barua kilikuwa utaratibu wa kutoa vifaa stoo na makato ya mshahara wa Juni. Neno "unyanyasaji" halikuwepo kwenye kichwa. Aya yake ya pili nainukuu karibu yote, kwa sababu namna ya kuandika ndiyo iliyofanya kazi:

"Orodha ya safari ya Machame ilikamilika saa 10 jioni tarehe 11 Juni. Saa 3 usiku niliagizwa kwa simu kuongeza mahema mawili na meza moja. Asubuhi mizigo mitatu ilizidi kilo 20 getini na kampuni ikalipa mgumu wa ziada. Nililaumiwa mbele ya wagumu kwa maneno haya: Stoo inataka mtu mwenye akili, siyo cheti."

Aya haina "daima", haina "kila siku", haina "ananichukia". Jina la meneja liliandikwa mara moja tu, kwa cheo chake. Baada ya matukio matatu ya namna hiyo yakafuata maombi, na kila ombi lilikuwa dogo kiasi kwamba Mzee angeweza kulikubali bila kumgeuka rafiki yake: mabadiliko ya orodha yaje kwa maandishi kabla ya saa 12 jioni, hakuna kifaa kinachotoka bila saini ya anayekichukua, awe nani, dada arudishwe kwenye kundi la wasapu la safari, makosa yake ya kazi aambiwe ofisini, si kwenye gari, makato yarudishwe hadi hasara ichunguzwe, na malalamiko haya yasikilizwe na mhasibu au mtu mwingine asiyehusika. Ujumbe wa sauti ulitajwa mwishoni kwa sentensi mbili, tarehe yake na maneno yake, bila kuupamba.

Kuna aliyeniuliza kama huku si kuficha jambo la utu nyuma ya mahema na meza. Sioni hivyo. Utu wake ulikuwemo kwenye barua, ila uliwekwa mahali ambapo msomaji angefika akiwa tayari anakubaliana na nusu ya barua.

Nakala zilikuwa mbili. Mhasibu alipokea moja, akagonga muhuri na kuandika tarehe kwenye ya pili, ambayo dada aliondoka nayo. Angekataa kupokea, tungeituma kwa barua pepe ya kampuni na kwa rejista ya posta, risiti ikawekwa. Bila uthibitisho wa kupokelewa, barua yako ni karatasi uliyojiandikia.

Kikao cha kifamilia

Siku kumi zikapita kimya. Halafu Mzee akawaita wote wawili ofisini kwake, ghafla, saa nane mchana. "Hapa sisi ni familia. Peaneni mikono, tumalize." Huu ndio mtego wa kawaida kuliko yote pale mwamuzi akiwa rafiki wa upande mmoja, na ni mgumu kuukwepa kwa sababu umevaa nguo nzuri. Kukataa mkono wa mtu mzima mbele ya bosi kunakufanya wewe uonekane mkorofi. Kuupokea kunafuta barua.

Dada alikuwa ameelekezwa. Akapokea mkono, akamwamkia meneja kama kawaida, akasema: "Mzee, mimi sina ugomvi na mtu. Naomba tu tupitie yale maombi." Wakapitia mawili, la saini na la saa 12 jioni yakakubaliwa, kwa sababu mke wa Mzee alikuwa ameshayasema nyumbani. La makato Mzee akasema "tutaona". Jioni dada akamtumia ujumbe:

"Shikamoo Mzee. Asante kwa kikao cha leo. Nimeelewa kwamba kuanzia kesho orodha zitabadilishwa kwa maandishi kabla ya saa 12 jioni na kila anayechukua kifaa atasaini. Suala la makato ya Juni na ujumbe wa tarehe 20 Juni bado yanasubiri majibu yako. Kama nimeelewa tofauti naomba unisahihishe."

Mzee akajibu "Marahaba, sawa". Neno hilo moja liligeuza kikao cha mdomo kuwa kumbukumbu ya maandishi. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mfanyakazi wa kampuni ndogo kitu kimoja tu, ningemfundisha ujumbe huu wa jioni kabla ya vifungu vyote vya sheria.

Kisasi

Mwanzoni mwa Agosti ikaja barua ya onyo, imesainiwa na meneja: mtunza stoo "hana ushirikiano na hapatani na wenzake". Usiidharau lugha hii. Kanuni zilezile za mwaka 2007 zinatambua kutopatana kazini kama sababu inayoweza kuwa halali ya kumwachisha mtu, kwa hiyo rafiki wa bosi akishauriwa na mtu anayejua kidogo, hapo ndipo anapokwenda. Malalamiko yako yanageuzwa kuwa ushahidi kwamba wewe ndiye tatizo. Lakini mwajiri anayetumia njia hiyo anatakiwa aandike matukio yenyewe na usumbufu ulioletwa, na amwonye na kumshauri mfanyakazi kabla ya kufika kwenye kuachisha. Onyo hili halikuwa na tukio hata moja.

Dada alijibu siku ya pili, kwa aya mbili: anaomba atajiwe matukio na tarehe, anakumbusha kwamba aliyesaini onyo ndiye aliyelalamikiwa kwenye barua ya Julai, na kwamba kama kutakuwa na kikao cha nidhamu anaomba mwenyekiti awe mtu asiyehusika na jambo hilo, kama kanuni zinavyotaka. Hakuandika kwa hasira. Hasira yake aliniletea mimi, nikaipokea.

Hapo kalenda ikawa jambo la haraka. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine yote ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Watu huhesabu kuanzia siku waliyokata tamaa na bosi, na hilo ni kosa. Makato yalikuwa ya tarehe 30 Juni, siku 60 zinaisha 29 Agosti. Lakini ujumbe wa sauti ulikuwa wa tarehe 20 Juni, na wake ulikuwa unaisha 19 Agosti. "Tutaona" ya Mzee, hata kama ilisemwa kwa nia njema, ilikuwa inakula siku hizo. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima ueleze sababu ya maana, na "nilikuwa namsubiri bosi aongee na rafiki yake" ni sababu dhaifu.

Tarehe 12 Agosti alijaza fomu ya Tume ya kupeleka mgogoro, CMA F.1, akaandika madai mawili, makato na ubaguzi. Kufokewa kwa jumla hatukukuweka kama dai, kulibaki kama maelezo. Nakala moja alimpelekea mwajiri kwanza, ikasainiwa, kisha akaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho wa kuipeleka. Tume haitozi ada kwa hilo. Hakuacha kazi, kesho yake alikuwa stoo kama kawaida, na siku hizo nadhani zilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu wenzake waliacha kumsalimia meneja akiwepo dada, na kumsalimia dada meneja akiwepo.

Kwenye usuluhishi Mzee alikuja na mhasibu. Rafiki yake hakuja, na sidhani ni bahati tu. Mbele ya msuluhishi hakuna ndafu wala ubatizo. Aliulizwa maswali mawili: karatasi ya hasara iko wapi, na baada ya kuambiwa kwa barua kuhusu ujumbe wa tarehe 20 Juni alichukua hatua gani. La kwanza hakuwa na jibu. La pili alisema aliwapatanisha, kisha akanyamaza mwenyewe. Walikubaliana siku hiyohiyo: shilingi 150,000 zirudishwe, onyo lifutwe kwa maandishi, muda wa kunyonyesha uandikwe kwenye ratiba, na stoo iwe chini ya mhasibu badala ya operesheni. Makubaliano yakasainiwa mbele ya msuluhishi, na makubaliano ya namna hiyo hutekelezwa kama hukumu, kwa hiyo si ahadi ya chai.

Meneja yuko palepale. Hakuadhibiwa, na nilimwambia dada mapema kwamba hilo lisitarajiwe. Anafokea wengine. Kilichobadilika ni kwamba haingii tena stoo bila kalamu, na hampi mtunza stoo amri yoyote, kwa sababu si bosi wake. Kama lengo lako ni mbabe aondoke, njia hii itakuvunja moyo. Kama lengo lako ni mkono wake usikufikie, inaweza kufanya kazi.

Mambo mawili yangeharibu haya yote. Angekuwa hajatimiza miezi sita kazini, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki usingemhusu, na barua ile ya Julai ingeweza kujibiwa kwa barua ya kumwondoa. Kwa mtu wa namna hiyo ningesubiri, nikikusanya tu. Na angekuwa mgumu au mpishi wa tripu, asiye na mkataba wa kudumu, kisasi kisingekuja kwa barua hata kidogo. Simu ingeacha tu kuita. Kwa hao, anayepanga tripu akiwa mbabe, njia yenye maana ni kwenda kupitia chama au shirika linalosimamia maslahi ya wapagazi hapo Moshi, malalamiko yafike bila jina la mtu mmoja, ingawa hata hapo watu wa kundi dogo hutambulika kwa urahisi.

Tuliongeza kitu kimoja kwenye makubaliano ambacho msuluhishi alikishangaa kidogo: siku dada atakapoondoka, barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine isainiwe na mhasibu, na anayepigiwa simu kuulizwa habari zake awe mhasibu. Kampuni za mlima Moshi na Arusha zinaajiri kwa kupigiana simu, na simu hiyo, kama isingeandikwa jina la mtu, ingepokelewa na operesheni.